Akaunti ya pensheni ya kulipa ina debiti ya 240,000 na bosi anataka tudai "pesa zetu". Nimekosea wapi?

Mwana_Leja (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, kesho kutwa nawasilisha hesabu za Julai na bado nina kitu kinaninyima usingizi.

Nafanya uhasibu kwenye kampuni ndogo, wafanyakazi wachache, na mishahara haijabadilika tangu Januari. Nilipokea kazi mwezi huohuo kutoka kwa mhasibu aliyeacha. Kila mwisho wa mwezi nachukua shiti ya mishahara na kuposti hivi:

```
Debiti   Gharama ya mishahara             500,000
   Krediti  Pensheni ya kulipa                       30,000
   Krediti  Kodi ya mishahara ya kulipa              62,000
   Krediti  Mishahara ya kulipa                     408,000
```

Hiyo 30,000 ni asilimia 6 tunayomkata mfanyakazi. Mishahara ya mkononi inatoka benki siku hiyohiyo, na akaunti yake inarudi sifuri. Tarehe 15 ya mwezi unaofuata nalipa mfuko wa pensheni na kodi. Kuna tozo ya mwajiri pia, asilimia 4 ya mshahara ghafi, yaani 20,000. Hiyo nikilipa naipeleka moja kwa moja kwenye gharama nyinginezo.

Urari unakubali kila mwezi, pande zote mbili sawa hadi senti ya mwisho. Lakini leo bosi kaipitia mizania mwenyewe, kakuta Pensheni ya kulipa ina salio la debiti 240,000. Akauliza, "Hili ni deni letu au tunawadai?" Nikasema kwa namba hii inaonekana tunawadai. Sasa ananiambia niandike barua kwa mfuko turudishiwe. Mimi najua moyoni hatujawahi kulipa zaidi ya ankara yao. Hiyo 240,000 imetoka wapi?

---

Robo_Tatu

Dada, kwanza usiandike hiyo barua.

Umesema unamkata mfanyakazi asilimia 6. Na mwajiri anachangia ngapi? Maana kwenye ingizo lako simuoni mwajiri popote. Yupo kwenye tozo peke yake, na hata huko kaja kwa kuchelewa.

---

Mwana_Leja

Mwajiri anachangia asilimia 9, yaani 45,000. Kwa hiyo mfuko tunaulipa 75,000 kila mwezi, hundi moja. Nikilipa nadebiti Pensheni ya kulipa 75,000 na kukrediti benki.

Aisee, nikiandika hivi naanza kuona. Nimeweka 30,000 ndani, natoa 75,000.

---

Robo_Tatu

Ndo hapo sasa. Ila kuna kitu hakinikai sawa. Kama kosa ni mchango wa mwajiri peke yake, 240,000 ingegawanyika kwa 45,000 bila baki. Mimi napata 5 na baki 15,000. Kwa hiyo sidhani kama ni hilo tu, lazima kuna kosa la pili limejificha. Labda mwezi mmoja ulilipa mara mbili.

Kwa sasa, ili uwasilishe kesho kutwa, ihamishe tu hiyo 240,000 iende gharama ya michango ya mwajiri. Akaunti inabaki sifuri, bosi anatulia, halafu utatafuta kosa la pili taratibu.

---

Mpita_Njia88

Hii mada imenigusa. Hata mimi kwenye slipu yangu ya mshahara naona wamekata asilimia 6, chini yake wameandika tena asilimia 9. Jumla asilimia 15 inaenda! Hawa waajiri wanatuibia mchana kweupe. Dada, na wewe unashiriki kuwakata watu mara mbili?

---

Kalamu_Nyekundu

Naomba niwajibu wawili kwa mpigo, kisha nirudi kwa mwenye uzi.

Mpita_Njia, chukua slipu yako. Andika mshahara ghafi, toa mshahara wa mkononi, tofauti yake ndiyo makato yako. Kisha jumlisha asilimia 6, kodi, na mkopo kama unao. Ikilingana na ile tofauti, basi ile asilimia 9 imeandikwa kwa taarifa tu, haijatoka mfukoni mwako. Ile tofauti ikizidi jumla hiyo, na ziada ikawa sawasawa na asilimia 9 ya ghafi, hapo una haki ya kupiga kelele, na kelele hizo zianzie kwa aliyeandaa slipu. Huyu dada hakati mara mbili. Tatizo lake ni kinyume kabisa, sehemu ya mwajiri hajaiandika hata mara moja.

Robo_Tatu, umegusa penyewe halafu ukaondoka. Usihamishe 240,000. Na hakuna kosa la pili kwenye akaunti hiyo, nitaonyesha.

Mwana_Leja, niambie kitu kimoja. Siku unakabidhiwa vitabu, akaunti hii ilikuwa na salio gani la kufungulia mwaka?

---

Mwana_Leja

Shikamoo mzee. Salio la kufungulia lilikuwa krediti 75,000. Nikalipa mfuko 75,000 katikati ya Januari, likaisha, likawa sifuri.

---

Kalamu_Nyekundu

Marahaba. Basi jibu ulikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Aliyekutangulia alifunga Desemba akiacha deni la 75,000, siyo 30,000. Maana yake yeye alikuwa anaandika sehemu zote mbili mwisho wa mwezi. Ulirithi salio sahihi, hukurithi ingizo lake.

Tazama akaunti inavyotembea kwa ingizo lako. Naandika miezi mitatu tu:

```
Pensheni ya kulipa            Debiti   Krediti   Salio
31 Jan  Makato ya Januari               30,000   30,000 Kr
15 Feb  Malipo kwa mfuko      75,000             45,000 Db
28 Feb  Makato ya Februari              30,000   15,000 Db
15 Mac  Malipo kwa mfuko      75,000             90,000 Db
31 Mac  Makato ya Machi                 30,000   60,000 Db
```

Soma mistari ya mwisho wa mwezi peke yake. Krediti 30,000, debiti 15,000, debiti 60,000. Ukiendelea utapata 105,000, 150,000, 195,000, na Julai 240,000. Kila mwezi inasogea upande wa debiti kwa 45,000 ileile. Deni linaloota debiti kwa kiasi kilekile kila mwezi ni alama ya ingizo linalojirudia huku likiwa na mstari uliosahaulika. Ungekuwa umelipa mara mbili, kama anavyodhani Robo_Tatu, ungeona mruko mmoja mkubwa mwezi mmoja, kisha hatua zinaendelea kama kawaida.

Sasa hiyo baki ya 15,000. Mkuu, umegawanya salio, ulipaswa kugawanya pengo. Tarehe 31 Julai akaunti hii haitakiwi kuwa sifuri. Mchango wa Julai bado haujalipwa, utalipwa Agosti 15, kwa hiyo salio sahihi ni krediti 75,000. Kutoka debiti 240,000 hadi krediti 75,000 ni safari ya 315,000. Gawanya kwa 45,000 uone.

---

Robo_Tatu

Saba. Miezi saba, Januari hadi Julai.

Nimenyoosha mikono mzee.

---

Mwana_Leja

Mungu wangu. Kwa hiyo ningefuata ushauri wa kuhamisha 240,000, akaunti ingekuwa sifuri na ningeona nimemaliza?

---

Kalamu_Nyekundu

Ungeona umemaliza hadi Agosti 15. Siku hiyo unalipa 75,000 ya Julai, akaunti inaruka debiti 75,000, na unarudi humu kufungua uzi mwingine. Sifuri kwenye akaunti ya deni huwadanganya watu wengi. Akaunti ya makato mwisho wa mwezi inatakiwa kuonyesha deni la mwezi huo, lisilozidi wala kupungua. Sifuri inapatikana siku ya kulipa.

Na urari usikupe faraja. Ingizo lako lilikuwa na debiti 500,000 na krediti 500,000, litakubali milele. Urari haujui kwamba kuna mstari ambao hukuuandika.

Ingizo kamili la mwezi lina vipande viwili. Cha kwanza ndicho hicho chako, hakina kosa. Ni mshahara ghafi ukigawanywa kwa wanaoustahili: mfuko, mamlaka ya kodi, na mfanyakazi mwenyewe. Kampuni hapo haijaongeza hata senti juu ya 500,000, imeshika tu pesa za watu mkononi. Kipande cha pili ni cha mwajiri, na hicho kinaongeza gharama:

```
Debiti   Mchango wa mwajiri, pensheni      45,000
Debiti   Tozo ya mwajiri                   20,000
   Krediti  Pensheni ya kulipa                       45,000
   Krediti  Tozo ya kulipa                           20,000
```

Vipande viwili, tarehe moja ya mwisho wa mwezi. Gharama ya kuwa na hao wafanyakazi kwa mwezi ni 565,000. Bosi wako miezi saba anaambiwa ni 500,000, na ile tozo kaizoea ikiwa imezama kwenye gharama nyinginezo pamoja na karatasi na wino.

---

Fundi_Hesabu

Mimi naona mnazungushana. Kwangu huwa naposti gharama ya mishahara 545,000 moja kwa moja, nakrediti pensheni 75,000, kodi 62,000, mishahara ya kulipa 408,000. Ingizo moja, limeisha. Kwa nini vipande viwili?

---

Bi_Salio

Kaka, namba zako zinakubali na faida itatoka sahihi, upande huo sina ugomvi na wewe. Ila mwisho wa mwaka mamlaka ya kodi watakuuliza jumla ya mishahara ghafi uliyolipa. Ukifungua akaunti yako utakuta 545,000 mara 12, wakati ritani za kodi zinasema 500,000 mara 12. Utakaa siku mbili unatafuta tofauti uliyoitengeneza mwenyewe.

Halafu angalia tozo. Kama inakokotolewa kwenye mshahara ghafi, na wewe unachukua namba kutoka kwenye akaunti hiyo, asilimia 4 ya 545,000 ni 21,800. Umelipa 1,800 ya bure kila mwezi.

---

Fundi_Hesabu

Hapo kwenye tozo umenigusa, dada. Ila mimi yangu ilikuwa kinyume. Tuna mfanyakazi anakatwa mkopo wa ofisi 25,000 kwa mwezi. Nilikuwa naona kwa kuwa hatumpi hiyo pesa, basi siyo gharama, napunguza gharama ya mishahara kwa 25,000. Mkaguzi alikuja akaniuliza mbona tozo tunailipa pungufu na mbona mkopo wa mfanyakazi kwenye vitabu haupungui. Mtu ameshamaliza kulipa, vitabu bado vinamdai wote!

---

Kalamu_Nyekundu

Mfano mzuri sana huo, na nakushukuru kwa kuusema wazi. Makato ya mkopo yanakrediti akaunti ya mkopo wa mfanyakazi, gharama ya mshahara haiguswi. Alifanya kazi ya mwezi mzima, ghafi yake ni ileile. Ulichobadilisha ni njia ya kumlipa tu, sehemu umempa mkononi na sehemu umemfutia deni.

---

Robo_Tatu

Mzee, niruhusu nitetee kitu kimoja, maana nimeshapigwa chini mara moja leo. Kuna biashara ndogo zinaandika gharama siku ya kulipa, siyo mwisho wa mwezi. Kwao mchango wa mwajiri hauna haja ya kuingizwa Julai, unaingia Agosti ukilipwa. Si sahihi?

---

Kalamu_Nyekundu

Ni sahihi kwa anayefuata utaratibu huo mwanzo hadi mwisho. Lakini hata yeye, siku ya kulipa, hundi ya 75,000 anaigawa: 30,000 inafuta deni la makato ya wafanyakazi, 45,000 inakwenda gharama. Huyu dada hakufanya hivyo. Aliweka makato kwa utaratibu mmoja na kulipa kwa utaratibu mwingine, na hiyo 45,000 ikakosa pa kukaa.

Kwa kampuni inayofuata viwango vya kimataifa hakuna mjadala, IAS 19 inataka gharama iandikwe kipindi ambacho mfanyakazi alifanya kazi. Kazi ya Julai ni gharama ya Julai, hata kama hundi inatoka Agosti. Ndiyo maana hata tozo yake naona imechelewa mwezi mmoja. Amelipa za miezi sita ndani ya muda wake, 120,000, ya Julai haionekani popote.

---

Mwana_Leja

Basi nimeandaa marekebisho haya, naomba mnihakikishie kabla sijaposti.

```
Debiti   Mchango wa mwajiri, pensheni     315,000
   Krediti  Pensheni ya kulipa                      315,000

Debiti   Tozo ya mwajiri                   20,000
   Krediti  Tozo ya kulipa                           20,000

Debiti   Tozo ya mwajiri                  120,000
   Krediti  Gharama nyinginezo                      120,000
```

La tatu ni kuhamisha tu, haligusi faida. Kwa hiyo faida ya miezi saba inashuka kwa 335,000. Nimehakiki kwa njia nyingine pia. Gharama ya mishahara tangu Januari ni 3,500,000, asilimia 9 yake ni 315,000, asilimia 4 ni 140,000. Zote zinalingana.

Tozo ya kwanza niliyoilipa Januari ilikuwa ya Desemba, na mhasibu wa zamani alikuwa ameshaiweka kwenye deni. Hiyo nililipa kutoka kwenye deni, haikuingia gharama. Nimeangalia mara mbili.

---

Kalamu_Nyekundu

Safi. Na umenijibu swali la Desemba kabla sijaliuliza, nilikuwa nakusubiri hapo.

Hiyo njia ya kuzidisha jumla ya mishahara kwa asilimia itunze, inachukua dakika moja. Ila ujue inapoishia. Sehemu nyingi mchango wa pensheni una kikomo cha mshahara, aliye juu ya kikomo hachangii kwenye ziada. Kwingine posho fulani haziingii kwenye pensheni lakini zinaingia kwenye tozo. Na kuna tozo zinazoanza tu ukifikisha idadi fulani ya wafanyakazi. Siku mkiajiri mtu wa mshahara mkubwa, asilimia 9 ya jumla itakataa kulingana na hakuna kosa lolote. Siku hiyo jilinganishe na fomu ya mchango unayopeleka kwa mfuko, jina kwa jina. Salio la mwisho wa mwezi liwe sawa na jumla ya fomu hiyo.

---

Bi_Salio

Mimi nina neno kwenye tarehe. Ukiposti 315,000 yote tarehe 31 Julai, ripoti ya Julai itaonyesha gharama za wafanyakazi zimepanda ghafla, na bosi atauliza mmeajiri nani. Mimi ningefungua miezi nyuma, kila mwezi ubebe 45,000 yake. Mwaka bado haujafungwa, nini kinamzuia?

---

Kalamu_Nyekundu

Kinachonizuia mimi ni kwamba ripoti za miezi hiyo zimeshatoka, bosi anazo mezani. Ukibadilisha Februari leo, karatasi aliyonayo na vitabu vinakuwa vitu viwili tofauti, na hakuna anayekumbuka kwa nini. Mimi ningeposti Julai, mistari saba, kila mmoja na jina la mwezi wake kwenye maelezo, na barua fupi ya ukurasa mmoja juu ya ripoti.

---

Bi_Salio

Mzee, kwa heshima zote, mimi bado naona miezi nyuma. Anayelinganisha mwezi kwa mwezi anahitaji namba za kweli, na ripoti ya zamani inaweza kutolewa upya ikiandikwa "imerekebishwa". Tukubaliane kutokukubaliana.

---

Fundi_Hesabu

Na kama ni kosa la mwaka uliopita? Maana lile langu la mkopo lilivuka mwaka.

---

Kalamu_Nyekundu

Hapo ni habari nyingine. Kosa la mwaka uliofungwa, kama ni kubwa kiasi cha kumpotosha msomaji, IAS 8 inataka urekebishe takwimu za mwaka ule na salio la kufungulia la faida iliyolimbikizwa, usilibebeshe gharama za mwaka huu. Kama ni dogo, wengi hulimeza mwaka huu. Ukubwa wake kaa na mkaguzi wako mwamue, usiamue kwenye uzi.

---

Mpita_Njia88

Nimerudi. Nimepiga hesabu kama mzee alivyosema. Ghafi kutoa mkononi inalingana na asilimia 6 na kodi, sawasawa. Asilimia 9 haijatoka kwangu. Naomba radhi kwa mwenye uzi, nilikuwa na hasira za mwisho wa mwezi.

Swali moja tu. Kodi wamenikata kwenye ghafi yote au kwenye ghafi ikishatolewa pensheni? Maana naona namba haziingiliani na jedwali nililonalo.

---

Bi_Salio

Hilo linategemea sheria ya nchi uliyopo. Kuna zinazoruhusu pensheni itolewe kwanza kabla ya kodi na kuna zisizoruhusu, na zingine zinaruhusu hadi kiwango fulani. Jaribu jedwali mara mbili, mara ya kwanza na ghafi, mara ya pili na ghafi ikishatolewa asilimia 6. Itakayotoa namba iliyo kwenye slipu ndiyo waliyotumia. Kisha tafuta kama ndiyo inayotakiwa.

---

Mwana_Leja

Nimeposti. Pensheni ya kulipa sasa ni krediti 75,000, Tozo ya kulipa ni krediti 20,000. Nimefuata njia ya mzee, mistari saba ndani ya Julai, samahani dada Bi_Salio. Barua ya kudai mfuko nimeitupa na nimemweleza bosi. Hakufurahi kusikia faida imeshuka 335,000, lakini nilipomuonyesha ile akaunti ikitembea kwa 45,000 kila mwezi akanyamaza, akasema "kumbe".

Ila wakuu, kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea kuuliza "salio lilitakiwa kuwa ngapi", nikaenda kwenye Kodi ya mishahara ya kulipa. Inatakiwa kuwa krediti 62,000 ya Julai. Iliyopo ni 65,400. Zimezidi 3,400, na nimezifuatilia hadi Aprili. Mwezi huo niliposti makato ya kodi 65,400, lakini Mei 15 nikalipa 62,000 kama ritani ilivyosema. Ghafi ni 500,000 ileile.

---

Robo_Tatu

Hiyo ni ndogo, irudishe kwenye gharama ya mishahara iishe.

(Natania mzee, natania. Nimejifunza.)

---

Kalamu_Nyekundu

Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwa herufi kubwa.

Dada, swali hapa ni hizo 3,400 ziko mfukoni mwa nani. Kama ghafi ni 500,000 na kodi uliyoposti ni 65,400, mishahara ya mkononi kwenye ingizo lako la Aprili ilikuwa 404,600. Benki ilitoka ngapi? Ikitoka 408,000, basi Mishahara ya kulipa ina debiti ya 3,400 na kosa ni la kalamu yako tu, unafuta moja kwa nyingine. Ikitoka 404,600, kuna mtu alipokea pungufu.

---

Mwana_Leja

Mishahara ya kulipa iko sifuri. Nimefungua stetimenti ya benki, ilitoka 404,600.

---

Bi_Salio

Basi kuna mfanyakazi amekatwa 3,400 ambayo haijafika kwa mamlaka. Hizo siyo pesa za kampuni kwa vyovyote vile, usiziguse hadi ujue.

---

Kalamu_Nyekundu

Na hapo kuna milango miwili. Kama shiti ya Aprili ndiyo ilikuwa sahihi, ritani ilikuwa pungufu na unatakiwa kuirekebisha na kulipa 3,400, pengine na adhabu ya kuchelewa. Kama ritani ndiyo sahihi, mfanyakazi alikatwa zaidi na anarudishiwa kwenye mshahara wa Agosti. Leja haiwezi kukuambia ni upi. Inabidi uweke shiti ya Aprili na kiambatisho cha ritani pembeni kwa pembeni, umtafute mtu ambaye kodi yake haifanani.

Uliandaa shiti hiyo mara moja au uliirudia?

---

Mwana_Leja

Nakumbuka niliirudia, kuna mtu alileta fomu ya nafuu ya kodi tukiwa tumeshalipa mishahara. Ila sikumbuki kama fomu ile ilikuwa ianze Aprili au Mei. Faili lake liko ofisini, nitalifungua kesho asubuhi kabla ya kikao.